Jina la Ubavuni na Jina la Kwenye Leseni

Basi likipinduka Salgaa, au lori likishindwa breki kwenye mteremko wa Kitonga, jina linalotangazwa redioni ni lile lililochorwa ubavuni. Kwa jina hilo abiria walikata tiketi, na ndilo wapiga debe walilokuwa wakiliita stendi. Lakini rangi ya ubavuni haishtakiwi mahakamani, wala bima hailipi kwa niaba yake. Anayeshtakiwa ni mtu au kampuni iliyosajiliwa, na mara nyingi mtu huyo au kampuni hiyo ina jina ambalo hakuna abiria aliyewahi kulisikia. Familia zinazofuatilia fidia hupoteza miezi kwa sababu zilianza na jina lisilo na mwenyewe kisheria.

Njia fupi ya kumfikia mwenyewe ni leseni ya usafirishaji. Karibu kila nchi humlazimisha anayebeba abiria au mizigo kwa malipo ajitaje mbele ya mamlaka kabla gari halijatoka, na kujitaja huko hubaki kwenye kumbukumbu hata baada ya magari kupakwa rangi mpya. Ila leseni hazifanani, na wengi hukwama kwa kutojiuliza swali la kwanza: leseni hii imefungwa kwenye nini? Kuna nchi ambako hupewa mwendeshaji, naye huweka chini yake magari kumi au mia. Kwingine hupewa gari moja moja. Baharini mambo huchanganyika zaidi, kwa kuwa chombo kina karatasi zake na kampuni inayokiendesha ina zake. Ukijua leseni imefungwa wapi, utajua pia itakachokuambia na itakachonyamazia.

Tuanze na Kenya, ambako sheria yenyewe ilijaribu kuwakusanya wenye magari chini ya majina machache. Kanuni za magari ya abiria zilizotolewa chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) mwaka 2014 zinataka kila matatu au basi liwe ndani ya kampuni au chama cha akiba na mikopo, yaani sako, chenye magari yasiyopungua 30. Nia ilikuwa njema: badala ya serikali kukimbizana na maelfu ya wenye gari mojamoja, iwe na uongozi wa sako wa kuulizwa. Matokeo yake ni kwamba gari moja sasa linabeba majina matatu au manne, na kila jina lina kazi yake.

Chukua matatu ya kawaida ya viti 33. Ubavuni kuna mchoro mkubwa na jina la utani la gari. Hilo ni la mapambo. Kuna jina la sako, na hilo ndilo limefungamana na leseni ya barabara na njia ambayo gari linaruhusiwa kufuata. Kuna namba ya usajili, ambayo ukiiulizia kwenye mfumo wa serikali kwa ada ndogo inakuletea jina la mwenye gari. Na kuna cheti cha bima kwenye kioo cha mbele, chenye namba ya gari, tarehe zake na jina la mwenye bima. Anayetaka kujua nani alikuwa akiliendesha gari hilo siku fulani hana budi kuyaweka majina haya pamoja, kwa sababu hakuna hata moja linalotosha peke yake.

Mtego wa kwanza uko kwenye jina la mwenye gari. Magari mengi ya biashara hununuliwa kwa mkopo, na mkopeshaji huandikishwa pamoja na mnunuzi mpaka deni liishe. Kwa hiyo utafutaji hurudisha jina la benki na jina la mtu mmoja, na mwandishi mwenye haraka huandika kwamba benki ina mabasi barabarani. Benki haina basi. Ina dhamana tu, na jina la kufuatwa ni lile la pili.

Mtego wa pili uko kwenye sako. Mtu huichukua, akaenda kuitafuta kwenye daftari la makampuni, akakosa, akahitimisha kwamba haipo au ni ya uongo. Kumbe sako ni chama cha ushirika, na husajiliwa na Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika chini ya sheria nyingine kabisa. Daftari la makampuni litakusaidia tu pale mwendeshaji alipochagua njia ya kampuni. Hapo unaomba hati inayojulikana kama CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa pamoja na hisa za kila mmoja. Kenya pia, tangu 2020, inazitaka kampuni ziandikishe wamiliki wanaofaidika kwa hakika, kuanzia asilimia 10 ya hisa au kura, lakini daftari hilo halijafunguliwa kwa kila mpita njia. Ukikuta mwenye hisa ni kampuni nyingine, omba hati ya hiyo nyingine, na uendelee kupanda mpaka ufike kwa watu au kwa nchi ambako mlango umefungwa.

Hata baada ya hapo usiseme haraka kwamba kampuni iliyo ubavuni ndiyo yenye basi. Kampuni kadhaa za safari ndefu zina magari yao wenyewe na pia hupokea magari ya watu wengine, ambao huyapaka rangi za kampuni, hutumia ofisi zake za tiketi na kugawana mapato. Abiria hawezi kuona tofauti. Namba za usajili zinaionyesha: orodhesha magari kumi yenye rangi moja, uulizie wenyewe wake, na utaona kama unapata jina moja likijirudia au majina kumi.

Tanzania inafuata mkondo unaokaribiana na huo. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya 2019 na kuchukua kazi za nchi kavu zilizokuwa chini ya SUMATRA, hutoa leseni kwa kila gari, ikiwa na namba yake na njia yake. Kwa hiyo leseni moja haikuambii ukubwa wa biashara. Ukiwa unachunguza mabasi yenye jina moja kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, leseni ya basi la saa kumi na mbili asubuhi inaweza kuwa ya baba na ya basi la saa moja ikawa ya mwanawe, ingawa rangi ni moja na karani wa tiketi ni mmoja. Jeshi la magari hujengwa kutoka chini kwenda juu, gari kwa gari.

Kisha unaingia kwenye mfumo wa BRELA wa usajili kwa mtandao, na hapa kuna tofauti ambayo watu huiruka kila siku. BRELA husajili kampuni na husajili pia majina ya biashara. Jina la biashara halina uhai wake. Nyuma yake kuna mtu au watu waliolisajili, na wao ndio wanaodaiwa. Kampuni ni nafsi ya kisheria inayodaiwa yenyewe. Majina mawili yanaweza kufanana isipokuwa neno la mwisho, moja likiishia na "Enterprises" na jingine na "Company Limited", na yakawa na wenyewe tofauti. Jina lililo kwenye leseni lazima linakiliwe herufi kwa herufi, pamoja na viambatanisho vyake vyote, kabla ya kulitafuta popote. Kwa malori kuna jambo la ziada: kichwa kina namba yake na tela lina yake, na mara nyingi wenyewe ni wawili. Picha ya ajali iliyopigwa kutoka nyuma inakupa mwenye tela, ambaye huenda alilikodisha tu.

Sasa linganisha na Uingereza, ambako leseni imefungwa kwa mwendeshaji. Huko kila anayeendesha malori ya zaidi ya tani 3.5 kibiashara, au mabasi ya abiria wa kulipa, huwa na leseni iliyotolewa na kamishna wa uchukuzi wa eneo lake. Namba ya leseni huanza na herufi mbili. Ya kwanza ni O kwa malori na P kwa mabasi, na ya pili hutaja eneo: B ni kaskazini mashariki, C kaskazini magharibi, M ni Skotilandi, K ni London na kusini mashariki. Ukiona namba inayoanza na OM, umeshajua lori lina makao Skotilandi kabla hujafungua daftari lolote.

Daftari lenyewe liko wazi kwa yeyote, bila malipo, kwenye tovuti ya serikali. Unaweza kutafuta kwa namba ya leseni, kwa jina la biashara, kwa anwani au kwa jina la mtu. Linakupa jina kamili la kisheria la mwenye leseni, majina mengine anayofanyia biashara, wakurugenzi, msimamizi wa usafiri aliyethibitishwa, yadi ambako magari hulala na idadi ya magari yanayoruhusiwa kwenye kila yadi. Hilo la yadi lina thamani kubwa. Jina linaweza kubadilishwa kwa siku moja, lakini malori ishirini lazima yalale mahali, na majirani wa mahali hapo wana haki ya kupinga leseni, hivyo anwani hukaguliwa kwa uzito.

Mfano unaoonyesha kazi yake vizuri ni mabasi ya kijani ya FlixBus, ambayo Waswahili wengi wanaoishi Ulaya wameyapanda. FlixBus ilianza Ujerumani mwaka 2013 na ikaanza safari za ndani ya Uingereza mwaka 2020. Inauza tiketi, inapanga njia, inaweka bei na rangi. Mabasi na madereva kwa sehemu kubwa ni ya kampuni za mitaa zilizoingia nayo mkataba. Abiria aliyeumia au aliyepoteza mzigo huandika jina la kijani kwenye barua yake. Lakini sheria ya Uingereza inataka kila basi la abiria liandikwe ubavuni, upande wa kushoto ulio na mlango, jina la mwenye leseni na anwani ya makao yake makuu, kwa herufi za urefu usiopungua milimita 25. Ni maandishi madogo, chini ya madirisha, kwa kawaida karibu na gurudumu au mlango, na hayapendezi hivyo hayapigwi picha. Simama hatua mbili kutoka mlangoni utayasoma. Jina hilo ndilo unalolipeleka kwenye daftari la leseni, na kutoka hapo kwenye daftari la makampuni, ambalo nalo ni bure na tangu 2016 hutaja watu wenye zaidi ya asilimia 25 ya hisa au kura.

Kuna pia kibandiko cha duara kwenye kioo cha mbele. Kile cha lori huonyesha namba ya gari lenyewe. Kile cha basi hakionyeshi, kwa hiyo mwendeshaji anaweza kukihamisha kutoka basi moja kwenda jingine ndani ya jeshi lake. Ndiyo maana kwa basi maandishi ya ubavuni na kibandiko vyote visomwe, na vikitofautiana swali limeshapatikana: huenda basi limekodishwa kwa muda na mwendeshaji mwingine, huenda limenunuliwa juzi na rangi haijaguswa.

Ukubwa wa kampuni nao hauonekani kwenye leseni moja. Mwenye yadi katika maeneo mawili huhitaji leseni mbili, na makundi makubwa hugawa biashara yao katika kampuni tanzu nyingi, kila moja na leseni yake. Lazima ujumlishe. Tena idadi iliyoandikwa ni ya magari yanayoruhusiwa, si yaliyopo. Wengi huomba nafasi za ziada ili wasirudi kuomba kila wakinunua gari. Mtu akiandika kwamba kampuni ina malori 40 kwa sababu leseni inasema 40, amekisia.

Jambo linalofaa zaidi kwa mchunguzi ni kwamba leseni ya Uingereza haiuzwi wala hairithishwi. Mfanyabiashara wa peke yake akigeuza biashara kuwa kampuni, kampuni lazima iombe leseni mpya. Namba ikibadilika huku magari, yadi na simu vikibaki vilevile, kuna nafsi ya kisheria iliyoondoka na nyingine iliyoingia. Mara nyingi sababu ni halali. Mara nyingine ni kukimbia deni au adhabu.

Kukimbia huko Wamarekani wanakujua vizuri, na waendeshaji wa namna hiyo wanawaita vinyonga. Kule kila lori au basi linalovuka majimbo hubeba ubavuni jina la mwendeshaji na namba inayotanguliwa na herufi USDOT, zinazosomeka mchana kwa umbali wa futi 50. Namba hiyo ukiiingiza kwenye safer.fmcsa.dot.gov unapata jina la kisheria, jina la biashara, anwani, simu, idadi ya magari na madereva, na rekodi ya ukaguzi. Dereva naye anaweza kuitafuta kabla ya kukubali kazi, kwa maana barabarani atakuwa akibeba namba ya mtu mwingine.

Tarehe 8 Agosti 2008, usiku wa manane, basi lililotoka Houston na kupeleka waumini wa Kikatoliki wenye asili ya Vietnam kwenye hija mjini Carthage, Missouri, lilianguka kutoka darajani huko Sherman, Texas. Watu 17 walikufa. Tairi la mbele kulia lilikuwa limepasuka, na lilikuwa tairi lililovishwa mpira upya, jambo lililokatazwa kwenye ekseli ya mbele ya basi la abiria. Mwendeshaji alikuwa Iguala BusMex. Kampuni hiyo ilikuwa imeomba kibali cha kubeba abiria lakini ilikuwa haijapewa. Nyuma yake kulikuwa na kampuni nyingine, Angel Tours, ya mwenyewe yuleyule, ambayo mwezi Juni mwaka huohuo ilikuwa imeamriwa kuondoa mabasi barabarani kwa sababu ya usalama.

Anayeitafuta Iguala BusMex peke yake angekuta mwombaji mpya asiye na historia. Doa lote lilikuwa kwenye jina la zamani. Baada ya ajali hiyo mamlaka ya Marekani ilianza kuwalinganisha waombaji wapya wa kubeba abiria na kampuni zilizofungiwa, na vitu vinavyolinganishwa ndivyo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvilinganisha: simu, anwani, majina ya maofisa, na magari yenyewe. Gari ndilo shahidi mgumu kuliko wote, maana namba ya chesisi haibadiliki kwa rangi wala kwa usajili mpya. Hata hivyo kufanana kwa kitu kimoja hakutoshi. Yadi moja huweza kupangishwa kwa waendeshaji watano, na mhasibu mmoja huandikisha kampuni ishirini kwa simu yake. Kinachotia shaka ni vitu vitatu au vinne kufanana kwa pamoja, ndani ya wiki chache baada ya adhabu.

Kwa vivuko na boti za abiria hesabu inabadilika. Boti inayokwenda Unguja kutoka Dar es Salaam inagusa mamlaka mbili. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA) inasimamia vyombo vya visiwani, na upande wa bara kazi hiyo, iliyokuwa ya SUMATRA, sasa iko kwa TASAC. MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, maswali ya wafiwa yalielekezwa pande zote mbili za maji, kwa sababu chombo kilisajiliwa Zanzibar na kiliondoka kwenye bandari ya bara. Aliyekuwa akikiendesha ni Seagull. Lakini anayefuata chombo badala ya kampuni angekikuta na maisha mengine kabisa kabla ya hapo: Skagit ilijengwa mwaka 1989 na ilikuwa ikibeba abiria katika jimbo la Washington, Marekani, kwa ajili ya shirika la vivuko la jimbo hilo, tena ikiwa na jina hilohilo. Leseni ya njia inamtaja mwendeshaji wa leo. Kumbukumbu za chombo zinaeleza kilijengwa kwa maji gani na kwa abiria wangapi.

Meli kubwa za safari za kimataifa zina mkondo ulio wazi zaidi. Namba ya IMO ya tarakimu saba haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina na bendera, na kwenye meli za abiria huandikwa pia mahali pa juu panapoonekana kutoka angani. Chini ya kanuni za kimataifa za usimamizi wa usalama, lazima iwepo kampuni moja iliyokubali kwa maandishi kubeba dhamana ya uendeshaji, awe ni mwenye meli, meneja wake au aliyeikodi. Jina la kampuni hiyo linakaa kwenye hati mbili, moja ya kampuni na moja ya meli, na lazima lilingane. Tovuti ya Equasis, ambayo ni bure kwa aliyejiandikisha, huorodhesha mwenye meli, meneja wa biashara na meneja wa usalama kila mmoja na tarehe alipoanza. Usishangae mwenye meli akiwa kampuni yenye chombo kimoja tu na anwani ya sanduku la posta. Ndivyo biashara hiyo ilivyopangwa, ili deni la meli moja lisizishike nyingine. Mwenye ofisi, wafanyakazi na simu inayopokelewa kwa kawaida ni meneja wa usalama.

Vivuko vya serikali havina kampuni ya kutafutwa. MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 ilikuwa ya TEMESA, wakala wa serikali, na njia ya kumfikia mwenye dhamana ilikuwa kwenye muundo wa wizara.

Katika yote haya kuna kitu kinachowaponyoka hata wazoefu, nacho ni tarehe. Daftari la leseni huonyesha hali ya leo, wakati ajali, mkataba au deni vilitokea miezi sita iliyopita. Basi huuzwa, leseni hurudishwa, mkurugenzi hujiuzulu wiki moja baada ya kuitwa na polisi. Kwa hiyo siku ya kwanza hifadhi ukurasa wa leseni, tokeo la namba ya gari na picha ya kioo cha mbele, vyote vikiwa na tarehe, kisha omba hati za kampuni zinazoonyesha nani alikuwa mkurugenzi siku ya tukio, si siku unayouliza. Anwani ya nyumbani ya mwenye gari moja haina kazi kwenye maandishi yako, iache. Na kama leseni ilikwisha kabla ya tukio na mpya haikutolewa mpaka baada yake, jina la mwenye basi si habari kuu tena: swali la kuipeleka kwa mamlaka ni nani aliliruhusu litoke stendi siku hiyo.